‘Hatachukua’: Herufi moja iliyomponza mfanyabiashara wa mchele

HERUFI moja tu, tena ile ambayo wengi waliokulia Kongo hawaitamki kabisa, ilitosha kumkosesha mama mmoja wa hapa Nyakarambi, wilayani Kirehe, magunia 40 ya mchele aliyokwisha kuyalipia kianzio.

Mama huyo, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe gazetini, hununua mchele Kahama, nchini Tanzania, na kuupitisha Rusumo hadi kwenye duka lake. Alizaliwa Bukavu, akasoma huko kwa Kifaransa, na kurejea Rwanda na wazazi wake baada ya mwaka 1994. Kiswahili anakizungumza tangu utotoni. Kukiandika alijifunza ukubwani, kwa sababu ya biashara.

Mwenye stoo wa Kahama si mtu wa maneno ya simu. Anataka barua yenye sahihi, ipigwe picha na kutumwa kwa WhatsApp, kisha karatasi yenyewe ifike na dereva. Basi mama akaandika, katikati ya mambo mengine, kwamba dereva wake “hatachukua magunia 40 yaliyobaki wiki ijayo”.

Alikusudia kuandika “atachukua”.

Mwenye stoo akasoma kilichoandikwa, akaona mteja kajitoa, akayauza magunia kwa mtu mwingine. Dereva alipofika na Fuso wiki iliyofuata alikuta nafasi tupu. Kianzio kilirudishwa, lakini bei ilikuwa imekwisha kupanda, na mama alipolalamika alionyeshwa barua yake mwenyewe. “Mama, maandishi ni yako na sahihi ni yako,” aliambiwa.

“Mwanangu, barua ile niliisoma mara tatu kabla ya kuituma,” aliniambia nilipomtembelea dukani. “Mara tatu! Sasa niambie, niliisoma na macho gani?”

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mimi kazi yangu ni kuandika, na kwa miaka mingi nimekaa meza moja na wasahihishaji wa prufu. Najua kwamba kusoma mara tatu, au hata mara kumi, kwa namna ile ile hakusaidii sana. Jicho lililopita juu ya kosa mara ya kwanza litapita mara ya pili kwa wepesi zaidi, kwa kuwa sasa limeizoea njia.

Sababu yake haina uchawi. Macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari kama gari kwenye lami. Huruka, hutua, huruka tena, na maneno mafupi kama “na”, “ya”, “za” na “si” mara nyingi hurukwa kabisa. Pale jicho lisipotua, akili hujaza. Unaposoma maandishi ya mtu mwingine, akili hujaza kwa kukisia. Unaposoma ya kwako, haina haja ya kukisia, kwani inajua ulichotaka kusema, hivyo hukupa nia yako badala ya karatasi yako. Mama alipoitazama “hatachukua” mara tatu, mara zote tatu alisoma alichokuwa nacho kichwani.

Na wala asione haya. Mwaka 1631 mjini London, wachapaji wa Mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambamo katika amri inayokataza uzinzi neno la kukataza lilikuwa limedondoka. Waumini wakajikuta wameamriwa kuzini. Wachapaji hao walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni. Kwa Kiingereza lilihitajika neno zima kudondoka ili maana igeuke. Kwa Kiswahili herufi moja inatosha: “atalipa” na “hatalipa”, “nitakuja” na “sitakuja”.

Barua ya pili

Siku niliyofika dukani mama alikuwa ameandika barua nyingine kwa mwenye stoo yule yule, na safari hii alikuwa anaogopa kuituma. Nikamwomba ruhusa niinakili hapa kama ilivyokuwa, ili msomaji naye ajaribu macho yake:

“Bwana mkubwa, salaam. Nimepokea mzigo wa mwezi uliopita na ninashukuru. Magunia yalikuwa 106 kama ulivyoandika kwenye risiti, lakini 14 yalikuwa yamelowa na na mchele wake umeanza kunuka. Naomba unirudishie fedha hayo 14 au uniltee mengine. Deni langu lililobaki, 1.450.000, kijana wangu hatakuletea Jumatatu saa 3 asubuhi mahari pale pale Benako. Kama hukubaliani naomba unijulishe mapema nisikae kukusubili. Safari ijayo nahitaji magunia 160 ya mchele wa daraja la kwanza, yafike kabla ya tarehe 3.”

Kabla ya kuendelea, msomaji rudi juu uhesabu makosa uliyoyaona. Mimi kwa mtazamo wa kwanza niliona mawili. Tulipomaliza kazi yalikuwa kumi, na kati ya hayo matano yangeweza kugharimu fedha.

Kwanza, kwa sauti

Nilimwomba mama aisome barua kwa sauti. Akaisoma mbio, kama mtu anayesoma risala, akaimaliza salama. “Iko vizuri,” alisema.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kusoma kwa sauti kunasaidia kwa sababu kinywa hakiwezi kuruka kama jicho. Kila neno lazima lipite ulimini. Lakini ukisoma kwa kasi, kinywa nacho huanza kutamka yaliyo kichwani. Unatakiwa kukifunga breki. Tulichukua kipande cha boksi la biskuti, tukaifunika barua yote isipokuwa mstari mmoja. Mama akashika kalamu ya risasi, akawa anagusa kila neno kwa ncha yake kabla ya kulitamka. Neno lisiloguswa lisisemwe, na neno lililoguswa lisiachwe.

Nilimpa na sharti jingine: ulimi ukijikwaa, weka alama pembeni uendelee. Usisimame kurekebisha. Mtu anayesimama kurekebisha huacha kusoma na kuanza kutunga, na anapoendelea huwa amekwisha ruka nusu ya mstari.

Safari hii alijikwaa mara mbili. Pale penye “yamelowa na na mchele” kalamu iligusa “na” ya kwanza mwishoni mwa mstari, boksi likashushwa, kalamu ikagusa “na” nyingine mwanzoni mwa mstari uliofuata. Akaangua kicheko. Neno lililorudiwa mwisho wa mstari na mwanzo wa mwingine ni katika makosa yanayojificha vizuri kuliko yote, kwa sababu jicho linapovuka kwenda mstari mpya halikumbuki liliacha nini nyuma. Mara ya pili alikwama kwenye “fedha hayo 14”. Ulimi wenyewe ulidai “za”. Aliyezaliwa katika lugha hata kama hakuisomea darasani, masikio yake yanajua upatanisho wa maneno; tatizo ni kwamba asiposoma kwa sauti, masikio hayaulizwi.

Makosa mawili yakatoka. Lakini ile “hatakuletea” aliipita tena, kwa sauti kubwa, na kalamu ikiigusa! Kosa lile lile lililomtia hasara.

Nikamwuliza, “Mama, hapo umesomaje?” Akajibu, “Atakuletea.” Nikamwonyesha herufi ya kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kule Bukavu hakuna aliyemfundisha kuitamka. Walisema “abari” na “apana” na walielewana. Alipokuja kuandika huku aliambiwa kwamba Kiswahili sanifu kina H, basi akaanza kuiweka, pengine panapostahili, pengine pasipostahili.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa vitabu vingi vya uandishi husema “soma kwa sauti” na kuishia hapo. Sauti yako hukamata kosa lile tu ambalo ulimi wako unaweza kulitofautisha. Kwa aliyekulia Dar es Salaam H inasikika, na kosa hilo litamgonga sikioni. Kwa aliyekulia Bukavu au Goma huenda asilisikie maisha yake yote. Ndivyo ilivyo pia kwa R na L kwa wengi wetu tuliolelewa na mama wanaosema Kinyarwanda au Kirundi. Kama kinywani mwako “kulipa” na “kuripa” ni kitu kimoja, kusoma kwa sauti hakutakusaidia hapo.

Dawa yake ni kuazima kinywa cha mtu mwingine. Katika viwanda vya uchapaji vya zamani wasahihishaji walikaa wawili wawili: mmoja alisoma mswada kwa sauti, pamoja na nukta na mikato, mwenzake akafuata prufu kwa kalamu. Basi nikaichukua barua nikamsomea mama, yeye akisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika “kijana wangu hatakuletea” niliitamka H kwa nguvu kama ilivyoandikwa. Aliruka kitini. “Hataleta kwa nini? Si nimesema ataleta!”

Ikakatwa. Hasara ya pili ikawa imeokolewa.

Nikiri na langu. Katika sentensi hiyo hiyo kulikuwa na “mahari pale pale Benako”, na mimi, mwandishi wa miaka mingi, nilisoma “mahali” bila kusita. Macho yaliona R, kinywa kikatoa L, kwa sababu ndilo neno nililolitarajia. Kwa hiyo hata kinywa cha kuazima kinadanganya.

Pili, kinyumenyume

Baada ya chai tuliigeuza kazi. Nilimwambia mama aanze na neno la mwisho la barua na kurudi nyuma, neno moja moja, hadi mwanzo: tatu, tarehe, ya, kabla, yafike. Alinitazama kama mtu aliyepatwa na homa.

Ukisoma kwenda mbele, maana ya sentensi hukuvuta, na ndiyo inayokuficha makosa. Ukisoma kwenda nyuma hakuna sentensi, hakuna maana, hakuna linalotarajiwa. Kila neno linasimama peke yake kama gunia kwenye mizani, na unalolitazama ni herufi zake tu. Ni kazi ya kuchosha. Kwa barua ya ukurasa mmoja ni dakika kumi hivi, na kwa maandishi marefu nashauri uifanye kwa vipande, kwani baada ya muda macho huanza tena kuteleza. Kama unasahihisha ujumbe kwenye simu, uandike kwenye karatasi kwanza au ukuze herufi hadi maneno machache tu yaenee kwenye kioo. Na kama simu yako imewekwa lugha ya Kiingereza, zima ule usahihishaji wake wa kujiendesha, kwani hubadili maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza na wewe hujui.

Kwa njia hii “uniltee” ilitoka mara moja. Ajabu ni kwamba neno hilo lilikuwa limesomwa kwa sauti na watu wawili, na sote tulitamka “uniletee” bila shida yoyote.

Kwenye “kukusubili” mama alisimama. Hakuwa na hakika. Nami sikutaka kumjibu, nikampa kamusi. Hapo pana ufundi kidogo. Kamusi ya Kiswahili haikupangwa kwa viambishi, hivyo ukitafuta “kukusubiri” chini ya K hutaipata. Vua “ku” ya mwanzo, vua “ku” ya mtendewa, ubaki na shina, “subiri”, ulitafute chini ya S. Vivyo hivyo “unijulishe” inabaki “julisha”, nayo imetokana na “jua”. Mwandishi mwenye tatizo la R na L anayeweza kuvua viambishi ana nusu ya ponyo mkononi, kwa sababu shina moja akishalihakikisha linamfaa katika maneno ishirini.

Lakini kinyumenyume nako kuna tundu lake, tena kubwa. Kama kungekuwa na “na na” nyingine tungeiona, bali ile “fedha hayo” isingetoka kamwe kwa njia hii, maana “fedha” ni neno zuri na “hayo” ni neno zuri. “Hatakuletea” nayo ni neno zuri kabisa likiwa peke yake. Na kwa sababu hiyo hiyo tuliipita tena “mahari”. Imo katika kamusi. Ni fedha au ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya mke. Mwenye stoo angesoma kwamba kijana wa mama atamletea deni kwenye mahari, huko Benako, na sijui angefikiri nini.

Kwa makosa ya namna ya “fedha hayo” kuna kinyumenyume cha pili: usirudi neno kwa neno bali sentensi kwa sentensi. Soma sentensi ya mwisho nzima, kisha ya kabla yake, hadi ya kwanza. Kila sentensi inabaki na maana yake lakini haibebwi na ile iliyotangulia. Tulipoifanya hivyo, sentensi ya “safari ijayo nahitaji magunia 160” ilisimama peke yake kwa mara ya kwanza, na mama akaikunjia uso. “Mia na sitini?” alisema. “Ngoja.” Akaenda kuleta daftari.

Tatu, orodha ya mkononi

Daftari lilisema 60.

Alikuwa ameandika 106 mistari michache juu, na mkono ukairudia ile moja ya mbele. Hesabu yake ni rahisi: kwa magunia ya kilo 50, sitini ni tani 3, na mia na sitini ni tani 8. Mama hana stoo ya kuweka tani 8, na fedha za kuzilipia hana.

Tarakimu haina sura ya kosa. Neno lililokosewa linaonekana limevunjika, lakini 160 ni namba nzima sawa na 60. Ukiisoma kwa sauti inatamkika, ukiisoma kinyumenyume haina kasoro. Safari hii sentensi kusimama peke yake ilimshtua mama, lakini hiyo ilikuwa bahati, kwa kuwa pengo lilikuwa kubwa. Angeandika 66 asingeshtuka. Njia ya kuaminika ya kukamata tarakimu ni kuilinganisha na chanzo chake: daftari, risiti, au karatasi ya mizani. Weka barua kulia, daftari kushoto, na usome tarakimu moja moja, “moja, sita, sifuri”, wala si “mia na sitini”, kwa kuwa ukiitamka kama idadi akili huipokea kwa jumla.

Ndipo tulipokaa kutengeneza orodha. Marubani wa Marekani walianza kuitegemea mwaka 1935, baada ya ndege ya majaribio ya Boeing kuanguka huko Dayton, Ohio, ikiwa na rubani hodari aliyesahau kufungua kifungo kinachozuia usukani wa mkia. Hakuwa mjinga, alijua kifungo kipo. Orodha ni kwa ajili ya mambo ambayo mtu anayajua na bado anayasahau.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuazima orodha ya mtu mwingine, ndefu, yenye mambo ishirini, nusu yake hayawahusu. Wiki ya pili inatupwa. Orodha ya mama tuliitoa katika barua zake mwenyewe. Alikuwa na picha za barua saba za nyuma kwenye simu. Tukazipitia zote na kuandika kila kosa tulilolikuta, na tulipomaliza tuliona kwamba makosa hayakuwa mengi kwa aina. Yalikuwa machache yanayojirudia.

La kwanza kuandikwa lilikuwa H. Sasa kabla ya kutuma anazungushia duara kila kitendo kinachoanza na H au A, na kujiuliza kwa kila kimoja: ninasema ndiyo au ninasema hapana? Katika barua ile vilikuwa havizidi viwili. Dakika moja inatosha.

La pili, R na L katika maneno ambayo yote mawili yapo. Haya hakuna njia ya kuyakamata ila kuyajua kwa majina, basi tukayaandika wawili wawili kama mapacha: mahali na mahari, kula na kura, mbali na mbari. Anayatafuta katika barua moja baada ya jingine. Ndivyo “mahari” ya Benako ilivyopatikana hatimaye, baada ya kutuponyoka mara nne.

La tatu, fedha. Barua ilisema 1.450.000, bila kusema ya nchi gani. Faranga moja ya Rwanda ina thamani kubwa kuliko shilingi moja ya Tanzania, kwa hiyo deni lile likisomwa kwa faranga ni karibu mara mbili ya deni hilo hilo kwa shilingi, na mwenye stoo angechagua tafsiri inayompendeza. Zaidi ya hayo kuna zile nukta. Aliyesoma kwa Kifaransa, Bukavu au Bujumbura, hutenga maelfu kwa nukta, na mkato kwake ni wa desimali. Aliyesoma Tanzania, Kenya au Uganda hufanya kinyume chake. Katika milioni hakuna hatari kubwa, lakini mwandikie mtu wa Kahama “kilo 1.500” naye ana haki ya kusoma kilo moja na nusu. Sasa mama anaandika kwa tarakimu na kwa maneno, na kutaja sarafu: shilingi za Tanzania 1,450,000, yaani milioni moja laki nne na elfu hamsini. Kisha anahakikisha kwamba tarakimu na maneno vinasema kitu kimoja, maana nimeona mikataba ambayo mwandishi alirekebisha moja akasahau nyingine.

La nne, saa. Huku kwetu, Burundi na Kongo ya mashariki tuko nyuma ya Tanzania, Uganda na Kenya kwa saa moja. Kijana akifika Benako saa 3 ya Rwanda, ya Benako ni saa 4, na karani wa mwenye stoo amekwisha kuondoka. Tena simu ikionyesha 9:00, kuna wanaoiandika saa 9 kama walivyosoma kwa Kifaransa, na kwa Mswahili hiyo ni alasiri. Barua sasa inasema “saa 3 asubuhi, saa za Tanzania”.

La tano, tarehe. Tarehe 3 ya mwezi gani? Mama alijua ni Juni. Barua haikujua. Tukaongeza pia kilo kwa kila gunia, kwani gunia la kilo 50 na la kilo 100 yote yanaitwa gunia.

Mambo sita tu, yakaenea nyuma ya kadi ya kalenda, ikabandikwa ukutani juu ya mizani. Nilimshauri pia jambo ambalo halikuingia kwenye kadi: barua iandikwe jioni na isahihishwe asubuhi. Usiku mmoja unatosha kufuta sehemu ya yale yaliyoko kichwani, na ukiamka unakuwa nusu mgeni wa maandishi yako. Akasema dereva huondoka alfajiri. Basi, nikamwambia, walau ukahudumie wateja wawili ndipo uirudie.

Nakala safi

Barua yenye mikato na mishale haiwezi kutumwa kwa mtu wa heshima, hivyo mama aliinakili upya. Nilimwonya kwamba kunakili nako huzaa makosa mapya, na mwandishi akishaona barua yake imependeza haisomi tena. Tulifanya kama wale wasahihishaji wa zamani: binti yake wa sekondari alishika nakala chafu akaisoma kwa sauti, nukta na mikato ikitajwa, tarakimu moja moja, mama akafuata nakala safi kwa kalamu. Walianza “Bwana mkubwa, salaam” wakamaliza “kabla ya tarehe 3 Juni”. Hakuna neno lililopishana. Mama akatia sahihi, picha ikapigwa na kutumwa, karatasi ikakunjwa na kupewa dereva.

Nilikuwa nimefika kwenye kituo cha pikipiki simu ilipolia. Alikuwa yeye.

“Mwanangu, nimeifungua ile picha. Juu kabisa hakuna tarehe. Kwenye ile chafu ilikuwepo!”

Tulikuwa tumeanza kusoma kwenye salamu. Mstari wa juu yake, ule wa mahali na tarehe, hakuna aliyeugusa kwa kalamu, kwa kuwa kila mmoja wetu aliuona upo.

“Dereva ameondoka?” nilimwuliza.

“Bado anatia mafuta. Nimemtuma mtoto na kalamu.” Kisha nikamsikia akimwita binti yake alete ile kadi ya ukutani, aandike la saba.